Programu Iliyosakinishwa kwa Mtu Asiyekuwepo

Nilipoanza ufundi wa kompyuta Dar es Salaam, kusakinisha programu kulikuwa kazi ya miguu. Unachukua sidii, miaka ya baadaye fleshi, unapita meza baada ya meza ukimwomba mwenye meza akupishe kidogo. Kazi ile ilichosha, lakini ilikuwa na faida ambayo niliithamini nilipoikosa: kabla hujaondoka, uliifungua programu mbele ya mtumiaji, nyote wawili mkaiona inafanya kazi. Siku hizi ninaketi mahali pamoja, ninaituma programu kwa Microsoft Intune hadi matawi ya Morogoro na Mwanza, kisha ninasoma ripoti. Miaka yangu ya mwisho ya kazi imekuwa zaidi ya kujifunza kuisoma ripoti hiyo.

Tukio lililonifundisha kuliko yote lilitokana na programu ndogo ya kuhifadhi nyaraka zilizoskaniwa. Tuliituma kwa kompyuta zote za matawi kwa amri ambayo wauzaji wenyewe walitupa. Nyingi ziliipokea. Nyingine zilirudisha alama nyekundu na namba `0x87D1041C`. Mafundi wengi huiona namba hiyo wakadhani usakinishaji umevunjika. Maana yake ni nyingine: kisakinishi kimesema kimemaliza salama, lakini programu haikuonekana ilipotafutwa.

Hapo kuna mambo mawili ambayo lazima yatenganishwe. La kwanza ni namba kinayoiacha kisakinishi kinapofunga. Intune inazijua chache tangu mwanzo: `0` ni kufaulu, `3010` ni kufaulu ila kompyuta inahitaji kuwashwa upya, `1618` ni kwamba kuna usakinishaji mwingine unaendelea, kwa hiyo ijaribiwe tena baadaye. La pili ni kanuni ya utambuzi, ambayo tunaiandika sisi wenyewe: nenda mahali fulani, tafuta faili fulani, hakikisha toleo lake halipungui hili. Kanuni yetu ilitafuta faili la programu ndani ya `C:\Program Files`. Namba ilisema `0`, kanuni ikasema hakuna kitu.

Mwenzangu mmoja alishauri tulegeze kanuni, tuandike hati ndogo inayoacha faili la alama baada ya kisakinishi kufunga, kisha Intune itafute alama hiyo. Ripoti ingekuwa ya kijani siku hiyohiyo. Nilikataa, na hadi leo ninakataa kila ninapoombwa, kwa sababu alama ya namna hiyo inathibitisha tu kwamba amri ilipita. Dada wa masijala Morogoro alikuwa amekwisha kunipigia: "Kaka, hiyo programu mnayosema imeingia, mbona siioni?" Rangi ya kijani isingemsaidia kitu.

Tulipowauliza, wauzaji walijibu kwamba kwao inafanya kazi. Walikuwa wakweli. Hata fundi wetu alipoiendesha kwa mkono kwenye mojawapo ya kompyuta zilizokataa, iliingia na ikafunguka. Tofauti ilikuwa ni nani anayeiendesha. Fundi aliiendesha kwa akaunti yake. Intune, kwa jinsi tulivyoipanga, huendesha kisakinishi kwa akaunti ya mfumo iitwayo SYSTEM, ambayo ina mamlaka makubwa lakini haina meza, haina menyu, wala hakuna binadamu anayeingia kwayo. Kwa hiyo jaribio la mkono la fundi halikuthibitisha lolote. Ili kuona kile ambacho Intune inakiona, tulifungua dirisha la amri kwa akaunti hiyohiyo:

```
psexec -i -s cmd.exe
whoami
echo %LOCALAPPDATA%
```

Mstari wa pili ulijibu `nt authority\system`. Wa tatu ulitupa njia inayopita `C:\Windows\System32\config\systemprofile`. Hilo ndilo folda la nyumbani la SYSTEM. Tukaendesha kisakinishi ndani ya dirisha hilo, safari hii tukikiamuru kiandike kumbukumbu kwa `/LOG`. Kilikuwa kimetengenezwa kwa Inno Setup, na kumbukumbu zake huwa wazi sana kwa anayejali kuzisoma. Mistari miwili ilimaliza ubishi:

```
Administrative install mode: No
Install mode root key: HKEY_CURRENT_USER
```

Yaani kisakinishi kiliamua kusakinisha kwa ajili ya mtumiaji aliyekiendesha tu. Mtumiaji huyo alikuwa SYSTEM. Programu ilikuwepo kamili, imekaa chini ya `systemprofile\AppData\Local\Programs`, mahali ambapo mfanyakazi hafiki wala menyu yake haionyeshi. Kisakinishi hakikudanganya kiliposema `0`. (Anayetafuta mabaki ya aina hii aangalie pia `C:\Windows\SysWOW64\config\systemprofile`, kwa sababu Windows huielekeza huko programu ya biti 32 inapoomba `System32`.)

Likabaki swali lililonikosesha usingizi: kwa nini baadhi tu? Karibu kompyuta zote zilizokataa zilikuwa mpya, zilizonunuliwa karibuni. Zile za zamani zilikuwa na toleo la awali, lililowekwa kwa mkono kwa watumiaji wote enzi za fleshi. Inno Setup, isipokatazwa na mtengenezaji, huangalia kwanza kama programu ilikwisha kusakinishwa, na ikiikuta hufuata mtindo uleule wa awali. Kwenye kompyuta za zamani ilifuata mtindo wa watumiaji wote na kuingia `Program Files`. Kwenye mpya haikukuta cha kufuata, ikashika chaguo lililowekwa na mtengenezaji, la mtumiaji mmoja. Zile zilizofaulu ndizo zilizotuficha tatizo.

Tungeweza kuibadili Intune iendeshe kisakinishi kwa akaunti ya mfanyakazi aliyeingia. Kwa mtu mwenye kompyuta yake peke yake ingefaa. Lakini kaunta zetu hutumiwa kwa zamu, na programu iliyowekwa kwa mtu wa asubuhi haionekani na wa jioni. Tukabaki na SYSTEM, tukabadili amri:

```
setup.exe /VERYSILENT /SUPPRESSMSGBOXES /ALLUSERS
  /NORESTART /RESTARTEXITCODE=3010
```

(Imekatwa hapa ili isomeke, huandikwa kwa mstari mmoja.) `/ALLUSERS` hufanya kazi pale tu mtengenezaji alipoiruhusu, na wetu alikuwa ameiruhusu. Kabla ya kutuma upya, tuliondoa mabaki kwa kuendesha `unins000.exe` ya lile folda lililofichika, nayo kwa akaunti ya SYSTEM, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mwenye mali.

Kompyuta mpya zilikaa sawa. Wakabaki watumiaji wachache wa kompyuta za zamani ambao kanuni iliendelea kuwakuta na toleo la nyuma. Hao walikuwa wameiacha programu wazi wakati wa usakinishaji. Faili likitumika, kubadilishwa kwake kunaweza kuahirishwa hadi kompyuta iwashwe upya, na kwa `/NORESTART` peke yake kisakinishi hurudisha `0` kana kwamba yote yamekwisha. Ndiyo sababu niliongeza `3010` mwishoni mwa amri. Tangu hapo tuliweza kuwatenga hao na waliokwama kweli, tukawapigia simu wazime na kuwasha kabla ya kufunga kazi, na ukaguzi uliofuata ukalikuta toleo jipya. Kanuni ya utambuzi ilibaki ileile: faili lilelile, folda lilelile, toleo lisilopungua.