Nyanya Anataka Ndoo ya Nini?

Insha yangu kuhusu nyanya na biashara yake ya viazi karai hapa Tudor ilikuwa na maneno elfu moja na mia nne nilipoitoa kwa wasomaji wawili. Wa kwanza ni mwalimu aliyenifunza Kiswahili sekondari, sasa amestaafu. Wa pili ni rafiki niliyekutana naye chuoni kabla sijaacha masomo, mzaliwa wa Kisumu. Kila mmoja nilimpa nakala iliyochapishwa, mistari ikiwa mbali mbali ili kalamu ipate nafasi. Sikuwauliza kama ni nzuri, maana ukiuliza hivyo utaambiwa ni nzuri. Niliwaomba waweke alama pale waliposimama, waliporudia kusoma na walipochoka. Kisha wanisimulie kwa mdomo, bila kutazama karatasi, insha inahusu nini.

Mwalimu alirudisha karatasi imejaa wino mwekundu. Rafiki yangu alikuwa na alama sita tu. Nilizihamisha zote kwenye nakala moja safi, nikaona jambo ambalo nisingeliona ningezisoma mbali mbali: wawili hawa hawakukubaliana karibu kwa lolote, lakini sehemu mbili waligusa mstari ule ule.

Ya kwanza ni aya ya ufunguzi. Nilikuwa nimeeleza vile chuo kikuu cha ufundi kilichoko hapa Tudor kilianza kama MIOME, kikawa politekniki, hadi 2013 kikawa chuo kikuu. Mwalimu aliandika, "Hii iende mwisho." Rafiki aliandika, "Nilianza kusoma aya ya pili." Dawa mbili tofauti, lakini ugonjwa wanauonyesha mahali pamoja. Hapo huamini kidole, si dawa. Niliikata yote, nikabakisha kwamba nyanya aliweka karai lake karibu na geti la chuo, kwa sababu wanafunzi ndio waliokuwa wateja.

Ya pili ilinisumbua wiki nzima. Nyanya ananiita: "Ndoo hapa." Mwalimu alilizungushia neno duara, akaandika juu yake *njoo*. Rafiki naye aliandika, "Buda, nyanya yako anataka ndoo ya nini?"

Kwa Kimvita, ndoo ni njoo. Ndivyo nyanya anavyosema, na ndivyo Mombasa ilivyosema tangu zamani. Mkutano wa 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika hapa hapa Mombasa, kwa hivyo Kimvita kilishindwa kikiwa nyumbani. Nilimwendea mwalimu. "Mwalimu, shikamoo. Hili neno ni la nyanya, si langu." Akajibu, "Marahaba. Najua, mwanangu. Lakini mtahini hajui." Nikamwelewa. Amesahihisha karatasi za mtihani miaka mingi, na maoni yake yalikuwa sahihi kwa msomaji ambaye mimi simwandikii. Hata hivyo, kwenye sauti ya msimulizi, yaani mimi, nilifuata marekebisho yake karibu yote.

Swali la rafiki lilikuwa zito zaidi, kwa sababu yeye alipotea kweli. Tena aliyapita maneno ya nyanya "fumba mato ulale" bila alama yoyote, kwani kufumba na kulala vilimwambia mato ni macho. Basi lahaja yenyewe haikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba ndoo ni neno analolijua tayari kwa maana nyingine, na sentensi yangu haikumpa cha kushika. Sikubadilisha neno, nilibadilisha kilicholizunguka: "Ndoo hapa," alisema, akipigapiga jamvi kando yake.

Kulikuwa na maoni mengine ya rafiki, marefu kuliko yote: nieleze mwishoni kwa nini niliacha chuo. Nilijaribu. Niliandika aya hiyo kwenye nakala ya pembeni, nikasoma insha yote kwa sauti. Nyanya alitoweka, nikabaki mimi nikijitetea. Nikajiuliza kama rafiki alikuwa akisoma insha au ananisoma mimi, maana yeye anaijua ile habari. Nilimpa jirani asiyejua lolote kuhusu masomo yangu toleo lisilo na aya hiyo. Alipomaliza alinisimulia mafuta, ukwaju, mwanamke anayehesabu chenji gizani kwa vidole. Chuo alikitaja mara moja, kama mahali wateja walikotoka. Aya ikabaki pembeni. Huenda siku moja ikawa insha yake yenyewe.

Kwenye rasimu ya pili mwalimu alizungushia ndoo duara tena. Rafiki yangu aliupita mstari ule, akaja kusimama kwenye ukwaju, akauliza kama nyanya bado anapika.

Bado anapika. Jumamosi nitampeleka.