Chunjua ya binti yangu: majuma kumi ya msasa na vaselini

Mwaka jana binti yangu mwenye miaka 11 alianza kuficha mkono wake wa kuume. Kanisani hapa kwetu Kalemie alisalimia watu kwa mkono wa kushoto, na mama yake akamgombeza kwa kukosa adabu. Tulipomfungua vidole tukaona: chunjua ngumu kama punje ya hindi, kando ya ukucha wa kidole cha shahada. Wenzake masomoni walikuwa wanasema ameshika chura.

Chura hana kosa. Chunjua inaletwa na kirusi kinachoingia kwenye ngozi kupitia mkwaruzo mdogo. Lakini jirani mmoja, fundi wa magari, alikuwa amekwisha kumwahidi mtoto tone la asidi ya batri. Hilo ndilo lilinitisha. Asidi ya batri inachoma nyama mpaka ndani, na mtoto anaweza kubaki na kidole kilichopinda.

Nikaenda farmasi na kununua pomadi yenye asidi ya salisiliki. Tulipaka majuma matatu bila badiliko lolote. Muuguzi mmoja, rafiki wa familia, alisoma tyubu akacheka: ilikuwa ya asilimia 3, ile ya kutibu choa. Kwa chunjua ya mkono inatakiwa dawa ya maji ya karibu asilimia 17. Tangu siku ile ninasoma asilimia kabla ya kulipa.

Akatueleza pia jambo ambalo sikulijua: dawa hii haiui chunjua kwa usiku mmoja. Inalainisha ngozi ngumu tabaka kwa tabaka, na ni wewe unayeondoa kile kilicholainika. Ukipaka tu bila kusugua, dawa inabaki juu ya ngozi iliyokufa.

Basi kila jioni tulifanya hivi. Mtoto aliloweka kidole kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika kumi, kisha akakikausha vizuri. Nilisugua ile ngozi nyeupe kwa kipande kidogo cha msasa laini, nikaacha kabla ya kuuma au kutoa damu. Kipande hicho hakikugusa kidole kingine wala mtu mwingine, kwa sababu kirusi kinahama nacho. Tulikitupa na kuchukua kipya. Halafu tone moja la dawa kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, juu ya chunjua peke yake. Likikauka, sparadra juu yake mpaka asubuhi. Chupa tuliiweka mbali na mbabula, maana dawa ya namna hii inashika moto upesi.

Juma la pili nilikosea. Nilikuwa na haraka, dawa ikamwagika pembeni, na asubuhi ngozi nzima ya kuzunguka ilikuwa nyekundu na inauma. Mtoto alilia, akasema, “Papa, afazali ile ya fundi.” Tukapumzika siku nne mpaka ngozi ikapona. Tulipoanza tena nilizungusha vaselini pembeni kwanza, kama ukuta, nikiacha chunjua wazi katikati. Haikumuunguza tena.

Juma la tano tulitaka kuacha. Chunjua ilikuwa imeshuka, lakini vidoti vyeusi vilitokea ndani yake, na mke wangu akafikiri inaoza. Sivyo. Ni vimishipa vidogo vya damu iliyoganda, na vinaonyesha kwamba chunjua bado ipo. Watu wengi wanaacha hapo, inaota upya, halafu wanasema dawa ni ya uongo. Kazi hii inaweza kufika majuma 12.

Juma la kumi vidoti vilikwisha, na ile mistari midogo ya ngozi, ambayo chunjua huikata, ikapita tena moja kwa moja. Hapo ndipo tuliacha.

Chunjua nyingi za watoto hupotea zenyewe, ingawa zinaweza kukaa mwaka au zaidi. Kama haimsumbui mtoto, unaweza kungoja. Lakini dawa hii usiipake usoni, sehemu za siri, wala juu ya alama ya kuzaliwa. Mwenye kisukari au miguu inayokufa ganzi asiitumie bila kuonwa na muganga, maana kidonda chake kinaweza kukataa kupona. Na kitu kinachobadilika rangi, kinachotoka damu chenyewe au kinachokua upesi, kipeleke hospitali, usikisugue.

Jumapili iliyofuata binti yangu alimsalimia mchungaji kwa mkono wa kuume. Yule fundi naye alimwita na kumtazama kidole. Sasa anauliza jina la dawa, kwa ajili ya chunjua yake mwenyewe.