Alimnunulia Baba Saa ya "Dhahabu", Ikaishia Sandukuni

Binti mmoja anayefanya kazi ya uwakala wa fedha pale Tunduma alirudi kwao Itumba Krismasi moja na boksi jekundu. Ndani mlikuwa na saa ya rangi ya dhahabu, kubwa, nzito, ina vidude vitatu vidogo usoni na mkanda wa chuma unaong'aa. Mzee akaivaa, akashukuru, picha zikapigwa, zikapostiwa, watu wakamwaga mioyo. Binti akarudi Tunduma roho nyeupe.

Mwezi wa nane akaenda tena kwenye msiba. Wakiwa wamekaa nje, akamsikia baba yake anamuuliza kijana wa jirani, "Saa ngapi sasa, mwanangu?" Mkono mtupu. Binti akajua labda ameisahau ndani. Jioni akamuuliza mama jikoni, mama akacheka kidogo kwanza. "Baba yako aliivaa Jumapili mbili tu. Iko sandukuni, kwenye lile boksi lake."

Si kwamba mzee hakuipenda zawadi, la hasha. Alikuwa anaitunza isiharibike, wazee wetu mnawajua. Ila kulikuwa na mambo mengine ambayo asingemwambia mwanawe hata kwa bunduki. Mkanda ulikuwa unazunguka mkononi, saa inahamia upande wa kiganja. Ngozi ilikuwa inawasha. Na kubwa kuliko yote, haoni. Saa ile haikuwa na namba, ilikuwa na vijiti vya dhahabu juu ya uso wa dhahabu na mishale ya dhahabu. Hata mtu wa miaka 25 angekodoa macho.

Sanduku likafunguliwa. Saa imesimama. Rangi ya dhahabu imeshatoka pembeni, pale chuma kinapogusa ngozi, na chini yake panaonekana chuma cheupe chenye weusi. Akaibeba mpaka kwa fundi saa Tunduma, akamwomba pia aitazame ile ya zamani ya mzee, ya kujaza kwa kuzungusha kitufe, ambayo kioo kilipasuka miaka mingi.

Fundi akafungua ile ya dhahabu. "Dada, hii betri imekufa ikatapika." Ndiyo habari ya saa za betri hiyo. Betri ikiisha halafu ikaachwa humo miezi, inavujisha maji yanayokula mashine. Yaani ile kuitunza ndiyo iliyoimaliza. Kama mzazi ana tabia ya kuweka vitu sandukuni, betri itolewe kabisa. Kuvuta kitufe nje, kama wanavyofanya dukani kwa kukichomekea kile kiplastiki, kunasimamisha mishale na kupunguza ulaji wa betri, lakini betri yenyewe bado inazeeka humo humo.

Kuhusu kuwasha, fundi alimgeuzia mfuniko wa nyuma. Mara nyingi saa ya bei rahisi huwa na mfuniko wa chuma kisichoshika kutu, na maandishi yanasema hivyo, lakini mwili wenyewe ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi. Mtu akisoma maandishi ya nyuma anadhani saa nzima iko hivyo. Rangi ikichubuka, jasho linakutana na chuma cha ndani, na wapo watu ambao ngozi zao hazivumilii madini ya nikeli yanayokuwamo. Mahali pa kuangalia ni kwenye kona na kwenye masikio yanayoshika mkanda, maana huko rangi hutangulia kuondoka.

Hii ya zamani je? Mashine nzima, mafuta yamekauka tu, na kioo kinapatikana. Fundi akataka elfu 25. Binti moyo ukamwenda huko, maana ndiyo saa aliyokua akiiona mkononi mwa baba. Lakini namba zake ni ndogo, inatakiwa kujazwa kila siku, na vidole vya mzee vimeshakuwa vigumu. Kuitengeneza kungemfurahisha binti kuliko mwenye saa. Akairudisha kwenye mkoba.

Bajeti ilikuwa elfu 50, hakuna kuongeza, kodi ya chumba inasubiri. Kaka yake akamshauri kwa simu amnunulie waleti, yaishe. Lakini hela ya mzee inakaa imekunjwa kwenye mfuko wa shati, juu yake ana kitambaa. Waleti ingefuata saa sandukuni. Tena waleti nyingi zinazoitwa za ngozi ukiangalia pembeni palipokatwa unaona kitambaa chini na plastiki juu. Ngozi yenyewe huwa na nyuzinyuzi kote. Skafu ilikuwa wazo zuri kwa baridi ya Itumba, bahati mbaya mzee anasema skafu ni ya mgonjwa.

Basi ikarudi kuwa saa. Safari hii akampigia mama kwanza. Mama akachukua tepu ya fundi cherehani, akamwambia mzee anataka kumfumia sweta, akapima kifundo cha mkono: sentimita 17. Kipimo hicho ndicho kilichomwonyesha binti kwamba saa kubwa kama kifuniko cha sufuria haifai, na kwamba mkanda wa ngozi wenye matundu ni salama kuliko wa chuma unaohitaji fundi wa kupunguza vipande.

Dukani muuzaji akamwonyesha saa ya kidijitali yenye tarakimu kubwa, inawaka taa na kila kitu. Binti nusura achukue. Halafu akakumbuka baba yake anavyosoma saa: haangalii namba ambayo mshale mfupi umeielekea, anaangalia ya mkabala wake. Mshale ukiwa kwenye 9, yeye anaiona 3, anasema saa tatu. Amefanya hivyo maisha yake yote bila kufikiri. Ukimpa 15:20 lazima aanze kutoa sita kichwani. Kwa hiyo ikawa ya mishale, uso mweupe, namba nyeusi zote 12, mshale wa dakika mrefu unaofika pembeni. Kabla ya kulipa aliinyoosha mkono mzima na kurudi nyuma kutoka kwenye taa za duka, aone kama bado inasomeka.

Nyuma iliandikwa 30M. Muuzaji akasema hiyo unaogelea nayo. Bana! Maana yake inavumilia matone ya mvua na kunawa mikono, basi. Mzee anayeosha kahawa na kutumbukiza mikono kwenye ndoo inabidi aivue, na aambiwe hivyo siku ya kwanza. Bei elfu 38 baada ya kuvutana. Iliyobaki akaongeza mkanda wa pili wa akiba, kwa sababu ngozi ikilowa jasho kila siku haikai sana.

Krismasi iliyofuata hakukuwa na boksi jekundu. Alimkabidhi ikiwa kwenye kikaratasi, akamfunga mwenyewe tundu la nne, na kumwambia, "Baba, hii ni ya shambani. Ikiharibika tunanunua nyingine." Mzee akaitazama. Akaisogeza mbali, akaileta karibu. "Saa nne kasoro kumi," akasema, hakuna aliyemuuliza.

Wiki mbili baadaye mama akapiga simu Tunduma kulalamika. Chakula kikichelewa dakika tano tu, nyumba nzima inatangaziwa.