Mama na Meno Yake ya Bandia

Nataka kuwasimulia jambo lililotupata nyumbani kwetu, huenda likamfaa mwenye mzazi mzee.

Mama yangu ana miaka 74. Mwaka 2022 aling'olewa meno yaliyosalia, na ufizi ulipopona akawekewa meno ya bandia, ya juu na ya chini. Tulifurahi sana, tukidhani ya kuwa sasa atakula kama zamani. Kumbe sivyo. Meno ya bandia hayana mizizi mfupani. Hukaa juu ya ufizi tu, na nguvu yake ya kutafuna ni ndogo sana kuliko ile ya meno ya asili. Nikaona mama akila mchicha huacha vidonge vya nyuzi kandokando ya sahani, na nyama huimeza nzima. Mapera akayaacha kabisa, kwa kuwa mbegu ziliingia chini ya meno zikamchoma.

Basi dada yangu, kwa kumhurumia, akampikia vyakula laini: asubuhi chai na mkate mweupe wa kuchovya, mchana ugali wa sembe na mchuzi, jioni uji mweupe. Maharage aliyapitisha katika chujio, maganda akayatupa. Mama akala bila taabu. Lakini haikupita miezi miwili akaanza kufunga choo, hata akakaa siku 4 au 5 bila kwenda, na akienda huumia. Ndipo tukampeleka kwa tabibu.

Yule tabibu alimpima kwanza, asije akawa na ugonjwa mwingine, kisha akamwuliza dada, "Mwanangu, yale maganda ya maharage umeyatupa wapi?" Dada akajibu, "Nimewapa kuku." Tabibu akasema, "Basi kuku wanakula dawa ya mama yako."

Akatueleza ya kuwa nyuzinyuzi za chakula ndizo zinazoshika maji tumboni na kukifanya choo kiwe laini, na mtu mzima yampasa kupata gramu 25 hivi kwa siku. Sisi tulichanganya mambo mawili: kulainisha na kuchuja. Kuponda, kusaga na kukatakata hakuondoi nyuzinyuzi. Hufanya tu kazi ambayo meno yameshindwa. Kinachoziondoa ni kuchuja, kumenya na kukoboa. Sembe imekobolewa, dona haikukobolewa.

Tuliporudi tulibadili mapishi. Maharage huyaloweka usiku kucha, dada akamwaga maji yale na kuyachemsha katika maji mapya mpaka yabonyee kwa vidole viwili, akayaponda kwa mwiko pamoja na maganda yake, akaongeza tui la nazi yasikauke. Nusu kikombe cha maharage hayo kina gramu 6 hivi za nyuzinyuzi. Mchicha huondoa mashina magumu, hukata majani membamba sana kabla ya kupika, maana nyuzi ndefu ndizo zilizomshinda mama. Ugali ni wa dona iliyosagwa laini, tena mlaini kidogo. Nusu ya parachichi lililopondwa humpa gramu 6 nyingine, na papai au ndizi mbivu hufuata baada ya chakula.

Tabibu alituonya tusiongeze yote kwa siku moja, tumbo lisije likajaa hewa. Tulianza na vijiko viwili vya maharage, tukaongeza kidogo kidogo kwa muda wa majuma mawili. Tena alisisitiza maji, kwa kuwa nyuzinyuzi bila maji huweza kuzidisha kufunga choo. Wazee wengi hawasikii kiu, basi tukamwekea mama kikombe karibu yake. Lakini mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo na amuulize tabibu wake kwanza kiasi cha maji.

Mama naye alijifunza kukata chakula vipande vidogo na kutafuna pande zote mbili pamoja, ili meno yasiinuke upande mmoja. Katika juma la tatu alikuwa akipata choo kila siku mbili, bila maumivu.

Neno moja zaidi. Mwaka uliofuata mama alianza tena kukataa mboga. Tukatazama kinywani, tukaona kidonda chekundu juu ya ufizi. Mfupa wa taya hupungua baada ya meno kung'olewa, na meno ya bandia yaliyokaa vizuri jana hulegea na kusugua. Usiyachonge kwa kisu wala tupa. Mrudishe kwa fundi wa meno ayarekebishe. Na mzee akiona damu katika choo, au akikonda, au choo kikibadilika na kudumu hivyo, msitafute sababu jikoni, bali mpelekeni hospitali.

Chujio la dada lingali lipo. Sasa huchujia tui.