Ofu ya Arobaini

Babu yake alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya pwani, na hadithi aliyopenda kuwasimulia wajukuu ni kwamba hakuwahi kumwomba mtu ruhusa ya siku moja. Alikuwa na kipande. Kadi ile ilikuwa na nafasi za siku 30 za kazi, na utaratibu ulioanza enzi za Mjerumani ukarithiwa na Mwingereza ulimpa mfanyakazi siku 42 za kuzimaliza. Siku aliyoamka akaenda kupalilia mihogo yake, au kuzika, kipande hakikutiwa alama, basi. Zilikuwepo siku 12 za kuchezea, Jumapili zikiwemo. Ubaya wake ulikuwa mmoja, nao mkubwa: fedha hazikutoka mpaka kipande kijae.

Mjukuu huyo leo ni msimamizi wa mapokezi katika hoteli moja ya ufukweni Bagamoyo. Kazi ya mapokezi aliianza mwanzoni mwa 2008, katika hoteli nyingine, akiwa binti mwenye cheti kipya na barua ya ajira iliyosema kwamba miezi sita ya kwanza ni ya majaribio. Siku hizo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilikuwa bado ngeni kwa watu wengi, na kanuni zake za utendaji bora zilikuwa zimetoka mwaka uliotangulia. Pale mapokezi hakuna aliyezisoma. Walichokijua wote ni kwamba mtu wa majaribio haombi ruhusa. Akiomba, "huyo hajaja kufanya kazi."

Desturi hiyo ilikuwa na ukweli wa kisheria nyuma yake, ingawa waliokuwa wakiirudia hawakuujua. Kifungu cha 29 kinasema mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo: si ya mwaka, si ya ugonjwa, si ya msiba. Na kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, nayo haimhusu mpaka atimize miezi hiyo. Kanuni za 2007 zinaruhusu majaribio yafike hata miezi 12, na Mahakama ya Rufani imeshaamua kwamba muda kuisha peke yake hakumfanyi mtu awe amethibitishwa. Kwa hiyo woga wa wageni wa kazi haukuwa wa bure.

Lakini iko siku moja ambayo sheria haikuifungia miezi sita, na ndiyo iliyomsaidia yule binti bila yeye kujua jina lake. Ni mapumziko ya wiki, ile ofu. Kifungu cha 24 kinampa kila mfanyakazi angalau saa 24 za kupumzika kila wiki, awe ameingia juzi au ana miaka 20. Siku hiyo tayari ni yake. Mtu wa majaribio anayehitaji siku moja, mara nyingi hana haja ya kuomba aongezewe chochote. Anachoomba ni ofu yake isogezwe kutoka Jumanne kwenda Jumamosi. Kwa mwajiri tofauti ni kubwa mno. Ombi la kwanza linampunguzia mtu kazini, la pili linamtaka abadilishe rosta tu.

Mwezi wa pili kazini, mama yake mkubwa aliyemlea alifariki Mlingotini. Habari ilifika alfajiri, na kwa desturi ya pwani maziko yangekuwa alasiri ya siku hiyo hiyo. Hapakuwa na rosta ya kusogeza. Alimpigia simu msimamizi wake kabla ya saa kumi na mbili, ili mama yule apate nafasi ya kumwita mtu kabla ya zamu ya saa moja.

"Shikamoo, mama. Mama yangu mkubwa amefariki usiku, tunazika leo."

"Marahaba. Pole sana, mwanangu. Kesho utakuja?"

"Kesho saa moja nipo, inshallah."

"Nenda. Ila nitaiandika bila malipo, usije ukashangaa mwisho wa mwezi."

Hata angekuwa ameshatimiza miezi sita, malipo yasingekuwa haki yake. Orodha ya sheria kwa siku nne za msiba inamtaja mtoto, mume au mke, mzazi, babu na bibi, mjukuu, kaka na dada. Mama mkubwa hayumo, wala mjomba, wala shangazi. Kwa watu wa pwani, ambako mama mkubwa ni mama, orodha hiyo inasomeka kama imeandikwa kwa familia za watu wengine. Makato yenyewe yana hesabu yake: mshahara wa mwezi hugawanywa kwa wiki 4.333 zilizozidishwa na siku za kazi za wiki. Kwa anayefanya kazi siku sita ni kama kugawanya kwa 26. Mshahara wake ulikuwa shilingi 130,000, kwa hiyo siku moja ilikuwa 5,000. Hiyo ndiyo iliyokatwa. Wapo wasimamizi wanaokata siku mbili kwa kukosa moja "ili mtu ajifunze". Katika hesabu ya sheria kitu hicho hakipo.

Ombi gumu lilikuwa la arobaini. Maziko hayana mjadala, hata bosi mkavu hulegea. Hitima ya arobaini ni shughuli inayojulikana tarehe mapema, na ndiyo maana bosi huiweka kundi moja na harusi. Hii iliangukia Jumamosi, siku ambayo hoteli za Bagamoyo hujaa wageni wa semina na wapumzikaji kutoka Dar es Salaam. Yeye ofu yake ilikuwa Jumanne. Mwenzake wa zamu ya jioni ndiye aliyekuwa na Jumamosi, na kwa bahati kijana huyo alikuwa akifuatilia cheti chake cha kuzaliwa katika ofisi ya serikali isiyofunguliwa Jumamosi. Jumanne ilimfaa kuliko zote. Wakakubaliana kabla ya msimamizi kuambiwa lolote.

Rosta ya pale ilipangwa Alhamisi na kubandikwa Ijumaa. Binti alikwenda Jumatano, baada ya zamu, wakati hakuna mgeni kaunta. Rosta ikishabandikwa, ombi la kuibadili huwa limegusa watu ambao wameshapanga mambo yao. Kabla ya hapo ni jina tu kwenye karatasi ya penseli. Hakuanza na hadithi ya marehemu. Alisema siku, akasema nani ataingia, akasema yeye mwenyewe atarudi lini.

Msimamizi aliitazama ile karatasi muda mrefu, kisha akaona jambo ambalo wale wawili hawakuliona. Kijana wa jioni angetoka Ijumaa saa nne usiku na kuingia Jumamosi saa moja asubuhi. Hizo ni saa tisa, na kati ya zamu na zamu mfanyakazi anastahili saa 12. Mama yule hakutaja kifungu. Alisema tu kwamba mtu aliyelala kwa saa tano tu hukosea chenji kaunta. Akafuta kwa kifutio, akawabadilisha pia tangu Jumatano, baada ya ofu ya kijana, hadi Ijumaa: kijana asubuhi, binti jioni. Binti alitoka Ijumaa saa nne usiku, akaenda Mlingotini asubuhi yake, na Jumapili saa moja alikuwa kaunta. Kwenye daftari la mahudhurio Jumamosi ile iliandikwa "ofu".

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili kwa mtu wa majaribio. Kanuni za 2007 zinamtaka mwajiri akutane naye mara kwa mara kumweleza anavyoendelea, na katika kikao hicho kinachofunguliwa ni daftari. Siku iliyoandikwa "ofu" haisemi lolote. Iliyoandikwa "ruhusa, bila malipo" inaonyesha mtu aliyeaga. Inayozua maneno ni ile iliyoachwa na alama ya kuuliza, kwa sababu mtu aliaga kwa mdomo kwa msimamizi wa zamu, naye akasahau.

Miaka ilivyokwenda, mdomo na penseli vikaisha. Hoteli aliyohamia ilileta fomu za ruhusa zenye nakala ya njano, na sasa kuna kundi la WhatsApp la mapokezi. Yeye, ambaye leo ndiye anayeombwa, anasema simu imefanya kuomba kuwe rahisi na kukubaliwa kuwe kugumu. Zamani mgeni wa kazi alijizungusha siku mbili kabla ya kuthubutu, na katika kujizungusha huko akapata wa kumshikia. Siku hizi ujumbe unaingia saa tano usiku: "Dada samahani kesho sitaweza kuja nna dharura." Dharura gani, nani ataingia, kesho kutwa je? Hakuna. Wengine huandika ndani ya kundi, mbele ya watu wote, kiasi kwamba akikataa anaonekana katili na akikubali kesho yake wanaandika watatu.

Na uongo umekuwa mwepesi kukamatika. Zamani bibi aliweza kufa mara mbili katika miezi sita, na msimamizi asiyeweka kumbukumbu akatoa pole mara zote mbili. Leo kijana anayeleta karatasi ya ED kutoka zahanati ndiye huyo huyo ambaye status yake inamwonyesha akicheza harusini Kerege. Kwa mtu wa majaribio, anasema, hilo ndilo asilolisahau. Siku moja ya kukosa kazi huisahau kufikia mwezi unaofuata.

Ujumbe anaoukubali bila kuuliza swali aliupata mwaka jana kutoka kwa binti wa zamu ya asubuhi, mwezi wa tatu kazini, na ameuhifadhi kuwaonyesha wengine: "Shikamoo dada. Jumamosi ya wiki ijayo tuna hitima Zinga. Naomba ofu yangu ya Jumatatu iwe Jumamosi, Jumatatu nitaingia. Kaka wa jioni amekubali kunishikia, yeye ofu yake iwe Jumatatu, kisha Jumanne hadi Ijumaa tutabadilishana zamu ili apate kulala. Jumapili asubuhi nipo." Ulifika Jumanne, rosta haijapangwa.

Kuna kundi moja analolishughulikia tofauti. Hoteli yake huajiri wahudumu wa msimu wageni wanapokuwa wengi, na wao ndio huwa waoga kupita wote, wakidhani mkataba mfupi haubebi chochote. Kumbe kifungu hicho hicho cha 29 kinachowafungia likizo wenye chini ya miezi sita kinawatoa wafanyakazi wa msimu katika kizuizi hicho. Aliligundua akiwa msimamizi tayari, katika mafunzo ya siku moja, na aliporudi alikwenda kubishana na mhasibu.

Kwa waajiriwa wa kawaida ameongeza mstari mmoja kwenye karatasi ya siku ya kwanza, chini ya namba ya simu ya ndugu wa karibu: tarehe unazojua utazihitaji ndani ya miezi mitatu. Wengi huacha wazi kwa kuogopa ni mtego. Mmoja aliandika siku za mitihani yake ya kidato cha nne anayoirudia, mwingine kliniki ya mtoto. Wote wawili walipangiwa ofu siku hizo bila kuomba tena.