Kidonge cha Moyo

Asubuhi moja Mama alitema mate yenye damu. Ilikuwa wiki ya tatu tangu turudi Dar es Salaam kutoka Chennai, nami nikalaumu mswaki mpya.

Safari niliipanga vizuri, au ndivyo nilivyojisifu. Homa ya rumatiki ya utotoni iliharibu valvu ya mitrali ya moyo wake, hata ngazi kumi zikawa mlima. Nilipotuma ripoti ya eko, daktari wa kule akataka picha zenyewe zinazotembea. Nikarudi kuzinakili kwenye diski, nikaifungua kwanza kwa kompyuta ya rafiki nione kama zinacheza. Viza yangu ya msindikizaji ilifuata yake ya matibabu.

Baada ya upasuaji tulipanga nyumba ya wageni karibu na hospitali, chumba cha chini chenye jiko. Mfupa wa kifua ukishapasuliwa, mgonjwa hatakiwi kujivuta kwa mikono. Kila alipotaka kuamka, nilimwinua kwa kumsukuma mgongoni taratibu, naye amekumbatia mto, akinung'unika kwamba nimekuwa mama yake.

Nilichosahau kilikuwa nyumbani. Valvu ya bandia aliyowekewa inadai warfarini kila jioni, maisha yote, ili damu isigande juu yake. Dozi yake haikai mahali pamoja. Inafuata kipimo cha INR, na chake kilitakiwa kibaki kati ya 2.5 na 3.5. Siku ya kuagwa niliuliza tarehe ya kurudi India. Sikuuliza nani atampima Dar wiki hadi wiki, wala dawa zipi zisikutane na hiyo.

Mama akaharisha. Zahanati ya jirani ikampa metronidazoli. Walipomuuliza kama ana dawa nyingine, akasema hana. Kwake warfarini si dawa, ni kidonge cha moyo, kama vile miwani si dawa. Lakini metronidazoli huzuia ini kuivunja warfarini, basi ikawa inarundikana mwilini siku baada ya siku, na dozi ni ileile.

INR ikasoma 6.8. Daktari akasimamisha warfarini na kumpa vitamini K kidogo sana, kwa sababu ikizidi damu ingegeukia upande wa pili na kuganda kwenye valvu. Usiku huo nililala kwenye kiti, nikikagua shuka lake kwa mwanga wa simu.

Sasa ana daftari la shule lenye safu nne: tarehe, INR, dozi, dawa mpya. Mchicha anakula, ila kiasi kilekile kila wiki. Juzi jino lilimuuma, akaenda duka la dawa peke yake. Kabla hajasema shida yake, alimwekea muuzaji daftari juu ya kaunta.

"Soma kwanza, mwanangu," akamwambia.