Mjomba, msumeno wa mwanga na kiharusi ambacho hakikuwepo

Nimekuwa kimya siku kadhaa, si mnajua mambo ya chumba cha habari, wiki inakatika hujui imeenda wapi. Leo sina siasa. Nataka tuongee kuhusu neno moja ambalo mitaani kwetu halichelewi kutoka mdomoni: kiharusi. Mzee wa miaka sitini na kitu akisema macho yamempotea kidogo na mkono umefanya ganzi, hajamaliza hata sentensi jirani ameshatoa jibu. Na jirani hakosei kuogopa. Kuna kiharusi cha mpito, ambapo damu inakwama kwenye mshipa wa ubongo kwa dakika kadhaa kisha inapita, na mtu anarudi kama kawaida. Kinachomfuata huyo mtu ndicho kinachotisha, kwa sababu kiharusi kamili kikija, mara nyingi huja mapema, na siku mbili za kwanza ndizo za hatari zaidi.

Ila kuna kitu kingine kinachofanana nacho sana na ambacho wengi wetu hatujawahi kukisikia. Ni kipandauso kisicho na maumivu ya kichwa. Ndiyo, najua, inasikika kama kusema mvua isiyo na maji. Kipandauso tunakijua kwa kichwa kinachogonga upande mmoja, kichefuchefu na kutotaka mwanga. Lakini kwa baadhi ya watu kichwa hutanguliwa na dalili za macho au ganzi, ambazo madaktari huziita aura. Umri ukisogea, maumivu yanaweza kupungua hadi kuisha, aura ikabaki peke yake. Na wapo ambao hawakuwahi kuumwa kichwa cha namna hiyo maisha yao yote, aura ikawaanza wameshapita miaka hamsini.

Sasa nije kwa Mjomba. Ana miaka 68, ni mwalimu mstaafu wa hisabati, anaishi Tabata. Asubuhi moja alikuwa barazani anasoma gazeti (la kwetu, nashukuru) akaona neno halina herufi za katikati. Akafuta miwani. Herufi hazikurudi. Pale zilipopotea pakaanza kumetameta kitu kidogo kama taa ya tyubu inayotaka kuungua. Kikakua. Kikawa upinde wenye meno meno kama msumeno, meno yenyewe yanawaka na kuzima, na ndani ya upinde hakuna kinachoonekana. Upinde ukawa unasogea kushoto polepole huku ukipanuka, mpaka ukatokea pembeni ukaisha. Ulipokuwa unaishia, ncha za vidole vya mkono wa kushoto zikaanza kuchomachoma kama sindano. Sindano zikapanda kiganjani, zikafika kwenye kiwiko, kisha zikaruka hadi pembe ya mdomo upande uleule. Halafu basi. Kichwa hakikumuuma hata kidogo. Akaagiza chai.

Zahanati ya kwanza aliyopelekwa ilimpima presha, ikasikia maneno "macho" na "ganzi", ikaandika kiharusi kidogo na kumpa aspirini. Hakuna aliyemuuliza ilianzaje. Nyumbani ukaitishwa mkutano wa familia. Mama mdogo alitaka gari liuzwe. Mjomba, mtu aliyewahi kutembea kwa mguu kwenda kusahihisha mitihani, akaanza kukaa ndani akiangalia mkono wake kama mali ya mtu mwingine.

Nilipokwenda kumsalimia nilimwuliza kwa mpangilio, kama tunavyofanya kazini: nini kilitangulia, kikafuata nini, kila kimoja kilichukua muda gani. Mwalimu wa hisabati huwezi kumpa swali hilo akakujibu "sijui". "Mjomba," akaniambia (sisi huitana hivyo kwa hivyo), "ule msumeno ulichukua dakika ishirini hivi. Sindano zikachukua kama kumi. Na havikuja pamoja. Kimoja kilikuwa kinatoka, kingine kinaingia."

Maneno hayo ndiyo aliyoyaandika kwenye karatasi akaenda nayo kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu siku iliyofuata. Daktari aliisoma mara mbili, akasema karatasi ile imemsaidia kuliko mashine.

Kwa nini? Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana ndipo utamu ulipo. Mwaka 1941 mwanasaikolojia wa Kimarekani Karl Lashley, ambaye naye alikuwa akipatwa na misumeno hii, alichora doa lake lilivyokuwa likipanuka na kupiga hesabu kwamba kitu fulani kinatembea juu ya sehemu ya ubongo inayoona kwa mwendo wa milimita 3 hivi kwa dakika. Miaka mitatu baadaye Mbrazili Aristides Leão aliona wimbi la mwendo wa namna hiyo kwenye ubongo wa sungura. Seli zinasisimka, kisha zinanyamaza, na jirani zake wanafuata. Fikiria mashabiki uwanjani wanapofanya wimbi: waliosimama ni ule mstari wa meno yanayowaka, na waliokaa kupumzika nyuma yao ni lile doa lisiloona kitu. Wimbi likitoka sehemu ya macho, eneo linalohisi mkono nalo linaweza kupata zamu yake.

Kiharusi cha mpito hakiendi hivyo. Damu ikikwama, eneo lote linalolishwa na mshipa ule linazimika karibu kwa mpigo. Ni kama umeme unapokatika: haianzi nyumba ya kwanza, ikafuata ya pili, ikafuata ya tatu. Mtaa mzima giza. Kwa hiyo mtu atasema mkono wote ulikufa ganzi ghafla, au nusu ya dunia ilipotea, au jicho moja lilifunikwa kama pazia linaloshushwa. Kwa kawaida ni kupungukiwa: hakuna mwanga, hakuna nguvu, hakuna neno. Kipandauso huongeza vitu ambavyo havipo, kama misumeno, vimetameta na sindano, na huviongeza taratibu, kwa dakika tano au zaidi mpaka vifike kileleni. Dalili moja kwa kawaida huisha ndani ya saa moja.

Aliyewafungua macho madaktari kuhusu wazee ni Miller Fisher, Mkanada aliyefanya kazi Boston. Mwaka 1951 huyuhuyu ndiye aliyeonyesha jinsi mshipa mkubwa wa shingoni ukiziba unavyoleta kiharusi, na jinsi dalili za kupita zinavyoweza kutangulia. Yaani ndiye aliyewafundisha wenzake kuziogopa. Mwaka 1980 akarudi na wagonjwa 120 wa zaidi ya miaka 40 waliokuwa na dalili za namna hiyo huku mishipa yao ikionekana salama, akasema wengi wa hawa ni kipandauso. Alisisitiza mambo yaleyale: kukua polepole, kuhama kutoka dalili moja kwenda nyingine, na kujirudia kwa sura ileile. Baadaye, mwaka 1998, uchunguzi wa watu zaidi ya 2,000 wa mji wa Framingham, Massachusetts, ulikuta kwamba takribani mmoja kati ya mia alikuwa na dalili za macho za aina hii, na wengi wao zilianza baada ya miaka 50. Si jambo la ajabu basi, ila halisemwi.

Kuna jaribio moja ambalo daktari alimfundisha Mjomba, na linafanyika dalili ikiwa bado ipo. Funika jicho la kulia, tazama. Kisha funika la kushoto, tazama. Msumeno wa ubongoni unaonekana kwa macho yote mawili, na hata ukifumba yote bado upo. Kama tatizo lipo kwenye jicho moja tu, hiyo ni habari nyingine: inaweza kuwa mshipa wa jicho, na ni ya kukimbilia hospitali. Angalizo ni kwamba watu wengi husema "jicho la kushoto" wakati kilichopotea ni upande wa kushoto wa macho yote mawili, ndiyo maana kufunika ni lazima, usikisie. Na matokeo ya macho mawili hayakupi cheti cha usalama, kwa sababu damu ikikwama nyuma ya ubongo nayo huondoa upande mmoja wa macho yote.

Hata baada ya karatasi ile nzuri, daktari hakumruhusu Mjomba kwenda nyumbani hivihivi. Alisema mara ya kwanza kwa mtu wa umri huo haiitwi kipandauso mpaka mengine yaondolewe. Akapimwa umeme wa moyo kuona kama mapigo yanaruka, kwa kuwa moyo wa namna hiyo hutengeneza damu iliyoganda. Ikafuata altrasaundi ya mishipa ya shingo, sukari, na picha ya ubongo kwa mashine ya MRI. Vyote safi, isipokuwa presha iliyokuwa juu kidogo, ambayo sasa anaimezea dawa.

Picha ile ilikuwa na sababu nyingine ambayo mimi sikuitegemea. Baadhi ya wazee wana mishipa midogo ya ubongo iliyodhoofika, na damu ikivuja kidogo juu ya ubongo nayo huleta sindano zinazotambaa polepole mkononi, karibu sawa kabisa na za Mjomba. Mtu huyo ukimpa aspirini kwa kudhani ni kiharusi cha kuziba, unaweza kumwongezea uvujaji. Kwa hiyo ile aspirini ya zahanati, iliyotolewa kabla ya picha yoyote, haikuwa kitu kidogo. Daktari aliisimamisha.

Wiki tatu baadaye msumeno ulirudi. Mjomba alichukua daftari la mistari mraba akauchora kila baada ya dakika tano: dakika ya kwanza nukta, ya tano kama kucha, ya kumi na tano kama mundu, ya ishirini na tano umetoka nje ya karatasi. Safari hii sindano hazikuja. Dawa hakupewa, maana kinaisha kabla kidonge hakijafanya kazi. Aliambiwa tu akianza kumetameta akiwa anaendesha, aweke gari pembeni na asubiri.

Gari halikuuzwa. Kwenye jalada la daftari daktari alimwandikia yatakayomrudisha hospitali bila kusubiri dakika ishirini kuisha: dalili ikianza ghafla yote kwa mara moja, mkono au mguu ukikosa nguvu, mdomo ukipinda, maneno yakigoma, jicho moja likiingia giza, dalili ikipita saa moja, au msumeno ukibadilika sura yake ya kawaida. Mama mdogo ameinakili orodha hiyo na kuibandika kwenye friji.